Mapigo Manne, Mawimbi Tisa: Kusoma Ukanda Mmoja wa ECG katika Swali la Mtihani

Hotuba kwa wauguzi wa Afrika Mashariki wanaojiandaa kwa mtihani wa NCLEX-RN, kama ilivyoandikwa baada ya kutolewa.

Ndugu wauguzi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie usomaji wa ukanda wa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, katika maswali ya NCLEX-RN, mtihani ambao wengi wenu mnaufanya ili mpate leseni ya uuguzi kule Marekani. Mada hiyo ni pana, na saa moja haitoshi hata kuitaja yote, kwa hiyo nimekuja na ukanda mmoja tu. Nimeuchagua kwa sababu uliwahi kuniangusha mimi mwenyewe. Katika mtihani wa majaribio, nikiwa tayari nimefanya kazi wodini miaka sita, niliutazama ukanda wa namna hii kwa sekunde chache, nikaona kitu nilichodhani nakifahamu, nikachagua jibu na kusonga mbele nikiwa nimeridhika kabisa. Nilikuwa nimekosea, na kosa lile lingetokea wodini, mgonjwa angeweza kufa nikiwa nimeandika katika faili lake kwamba anaendelea kuangaliwa.

Nimelijenga upya swali lile kwa namba zangu ili tulipime pamoja. Mzee wa miaka 74 amelazwa katika wodi yenye monita baada ya kuanguka nyumbani kwake. Saa mbili usiku anamwambia muuguzi kwamba kichwa kinamzunguka. Ngozi yake ni baridi na ina jasho, presha ni 82 kwa 48, na akiulizwa leo ni siku gani anakawia kujibu, kisha anataja siku isiyo yenyewe. Katika karatasi ya dawa kuna metoprololi ya usiku ambayo bado hajapewa. Chini ya maelezo hayo umewekwa ukanda wa sekunde 6, na swali linauliza muuguzi afanye nini kwanza. Majibu ni manne: aandike alichokiona na kuupima tena mwenendo wa moyo baada ya dakika 30, ampe metoprololi kama ilivyoagizwa, ambandike mgonjwa pedi za pesimeka ya nje na kuita timu ya dharura, au aandae mshtuko wa umeme unaoratibiwa na pigo la moyo.

Mimi nilichagua jibu la kwanza, na sasa nitawaeleza nilivyofika huko.

Tuanze na karatasi yenyewe. Karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kisanduku kidogo kina upana wa milimita 1, ambayo ni sekunde 0.04, na kisanduku kikubwa kina vidogo vitano, yaani sekunde 0.20. Ukanda wa sekunde 6 basi una visanduku vikubwa 30, au vidogo 150. Namba hizo hamna haja ya kuzikariri kama kasida, kwa sababu ukishajua mwendo wa karatasi unaweza kuzitoa zote mwenyewe. Dakika moja ina visanduku vidogo 1500, kwa hiyo ukigawa 1500 kwa umbali wa pigo moja hadi pigo linalofuata unapata mapigo kwa dakika.

QRS ni alama ya vyumba vya chini vya moyo vikipiga. Katika ukanda wetu, QRS ya kwanza inaanza kwenye kisanduku kidogo cha 10, ya pili kwenye cha 50, ya tatu kwenye cha 90 na ya nne kwenye cha 130. Njia ya haraka ni kuhesabu QRS zilizomo ndani ya sekunde 6 na kuzidisha mara kumi: ziko nne, kwa hiyo ni mapigo 40 hivi kwa dakika. Njia ya uhakika zaidi ni kugawa 1500 kwa 40, na jibu ni 37.5. Tofauti hiyo ndogo haibadilishi chochote hapa, lakini kumbukeni kwamba njia ya sekunde 6 ni ya makadirio, kwani QRS moja ikiangukia nje kidogo ya ukingo wa ukanda, makadirio yako yanashuka kwa kumi nzima.

Kila QRS hapa ina upana wa visanduku vidogo vinne, yaani sekunde 0.16, na kwa kawaida inapaswa kuwa chini ya sekunde 0.12. Upana huo nauweka kando kwa sasa, ingawa ni shahidi ambaye tutamwita baadaye.

Hadi hapo sikukosea kitu. Kosa lilianza nilipofika kwenye kipindi cha PR, ambacho hupimwa kutoka mwanzo wa wimbi la P, alama ya vyumba vya juu vya moyo vikipiga, hadi mwanzo wa QRS, na ambacho kwa mtu mzima hutakiwa kuwa kati ya sekunde 0.12 na 0.20. Nilifanya kama tulivyofundishwa: nikatafuta wimbi la P lililo mbele ya kila QRS na kupima. Mbele ya QRS ya kwanza kuna P kwenye kisanduku cha 4, kwa hiyo kipindi ni visanduku sita, sekunde 0.24. Mbele ya QRS ya pili kuna P kwenye kisanduku cha 40, ambayo ni sekunde 0.40. Mbele ya ya tatu P iko kwenye cha 76, sekunde 0.56. Mbele ya ya nne iko kwenye cha 112, sekunde 0.72. Na kati ya QRS ya kwanza na ya pili kuna P moja, kwenye kisanduku cha 22, ambayo imesimama peke yake bila QRS.

Mnaona mtego ulipo? Kipindi cha PR kinarefuka, kinarefuka, kinarefuka, na kuna P iliyokosa QRS. Kila aliyesoma kitabu cha uuguzi analijua jina la jambo hilo: ni kizuizi cha daraja la pili, aina ya kwanza, kinachoitwa kwa jina la daktari Mholanzi Wenckebach. Tena tunafundishwa kwamba aina hiyo mara nyingi si ya hatari na kwamba mgonjwa asiye na dalili huangaliwa tu. Nikaandika Wenckebach kichwani, nikachagua kuandika na kusubiri dakika 30. Ukweli kwamba mzee alikuwa na dalili nzito nilikwisha kuusahau, kwa sababu furaha ya kulipata jina ilinitosha.

Sasa tulipime jina hilo. Daktari Wenckebach alilieleza jambo lake mwaka 1899, kabla mashine ya ECG haijaingia hospitalini, akitumia michoro ya mapigo ya mshipa. Mawimbi ya P hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni umbali kati ya pigo na pigo, na umbali huo ulimwonesha mapigo yanayokuja kwa mafungu: machache yanafuatana, kisha pengo, kisha mengine machache, kisha pengo tena. Pengo ndilo alama yake. Msukumo unaotoka vyumba vya juu unapita kwa kuchelewa zaidi na zaidi, hadi mmoja unashindwa kupita kabisa, pigo linakosekana, halafu njia ikishapumzika msukumo unaofuata unapita upesi tena. Kwa hiyo katika Wenckebach umbali wa QRS hadi QRS haulingani, na hauwezi kulingana, maana pigo lililokosekana lazima liache nafasi tupu.

Katika ukanda wetu umbali huo ni visanduku 40, kisha 40, kisha 40. Hakuna pengo. Ningepima hilo kabla ya kushughulika na PR, jina la Wenckebach lisingenijia.

Kinachoendelea hapo kinaonekana ukiacha kuziuliza QRS na kuanza kuyafuata mawimbi ya P yenyewe. Nyumbani, mkifanya mazoezi, chukueni ukingo wa karatasi nyeupe, uwekeni juu ya ukanda, tieni alama ya penseli kwenye P mbili zilizofuatana, kisha sogezeni karatasi hatua kwa hatua. Wenye bikari watumie bikari. Siku ya mtihani ukanda uko kwenye skrini, kwa hiyo mtahesabu visanduku kwa macho na kuandika namba.

P zinazoonekana wazi ziko kwenye visanduku vya 4, 22, 40, 76, 112 na 148. Kutoka 4 hadi 22 ni visanduku 18. Kutoka 22 hadi 40 ni 18 tena. Halafu kutoka 40 hadi 76 ni 36, kutoka 76 hadi 112 ni 36, na kutoka 112 hadi 148 ni 36. Namba 36 ni 18 mara mbili, na vyumba vya juu vya moyo vilivyokuwa vikienda kwa mwendo wa 18 haviwezi kuruka hatua nzima na kurudi kwenye mstari ule ule bila kupoteza hata kisanduku kimoja. Kuna mawimbi yamejificha, na tunajua hasa pa kuyatafuta: katikati ya kila 36, yaani kwenye kisanduku cha 58, cha 94 na cha 130.

Nendeni kwenye cha 58. Hapo pana wimbi la T la pigo la pili, na mkiliangalia kwa makini lina nundu ambayo T ya pigo la kwanza haina. Nundu hiyo ni P. Kwenye cha 94, QRS ya tatu inapoishia, mstari unapanda kidogo mahali ambapo ungetarajia utulie; hiyo nayo ni P. Kwenye cha 130 hamtaona kitu, kwa sababu P inaanza pamoja na QRS ya nne na imefunikwa nayo kabisa. Hata hivyo ipo, kwani ile ya 148 imekuja visanduku 18 baada yake, kwa wakati wake.

Kwa hiyo P ni tisa na QRS ni nne. Vyumba vya juu vinapiga 1500 gawa kwa 18, yaani mara 83 hivi kwa dakika, bila kuyumba. Vyumba vya chini vinapiga mara 37 hivi, navyo bila kuyumba. Fikirieni mpiga chapuo aliye ghorofani na mpiga msondo aliye chini, na mlango wa ngazi umefungwa hata hawasikiani. Kila mmoja anashika mwendo wake. Mtu aliyesimama nje atasikia mara chapuo limetangulia msondo kidogo, mara limetangulia sana, mara vimelia pamoja, na akitaka anaweza kudhani kwamba mmoja anamjibu mwenzake kwa kuchelewa. Hicho ndicho kipindi cha PR nilichokuwa nikikipima kwa bidii: umbali kati ya vitu viwili visivyohusiana. Hiki ni kizuizi cha daraja la tatu, kizuizi kamili.

Lakini kwa nini basi umbali huo ulirefuka kwa utaratibu mzuri namna ile? Ni hesabu tu. P mbili zinachukua visanduku 36, pigo moja la chini linachukua 40, tofauti ni 4. Kwa hiyo kila QRS inapokuja, P iliyoitangulia iko mbali nayo zaidi kwa visanduku vinne, yaani sekunde 0.16, na ndiyo maana tulipata 0.24, 0.40, 0.56 na 0.72. Ukanda ungekuwa mrefu zaidi, QRS ya tano ingeanza kwenye kisanduku cha 170 na P iliyo karibu mbele yake ingekuwa kwenye cha 166, umbali wa sekunde 0.16. Mtu asiye makini angesema PR imerudi kuwa fupi, sawasawa na Wenckebach. Angekuwa ameona kurefuka na kurudi, ila asingeweza kukuonesha pengo, kwa sababu kutoka QRS ya nne hadi ya tano ni visanduku 40 kama kawaida.

Naomba niseme neno kuhusu mipaka ya kipimo hiki, maana wodini mambo si safi kama kwenye skrini ya mtihani. Kwa mgonjwa halisi mawimbi ya P yanaweza kusogea kisanduku kimoja au viwili, na pigo la ziada la vyumba vya chini linaweza kuivunja safu ya QRS. Kama kila P ya pili inakosa QRS na PR ya zile zinazopita haibadiliki, basi huo ni uwiano wa mbili kwa moja, na kwa ukanda huo peke yake huwezi kusema ni daraja la pili aina ya kwanza au ya pili. Unahitaji ukanda mrefu zaidi. Tena ukanda hauwaambii chanzo. Kizuizi hiki kinaweza kutokana na shambulio la moyo, dawa, potasiamu iliyopanda, au mfumo wa umeme wa moyo uliochakaa kwa uzee, na mtihani ukitaka chanzo utakupa dokezo katika maelezo.

Sasa tumwite yule shahidi tuliyemweka kando. Mlango wa kati, yaani njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, ukifungwa, kitu fulani chini yake lazima kichukue kazi ya kuongoza mapigo. Kikiwa karibu na mlango wenyewe, mapigo huwa kati ya 40 na 60 kwa dakika na QRS huwa nyembamba, kwa sababu msukumo bado unapita njia kuu. Kikiwa chini kabisa, ndani ya misuli ya vyumba vya chini, mapigo huwa kati ya 20 na 40 na QRS huwa pana, kwa sababu msukumo unapenya msuli kwa msuli. Mzee wetu ana mapigo 37 na QRS ya sekunde 0.16. Anategemea kiongozi wa mwisho, ambaye anaweza kunyamaza wakati wowote bila kuaga.

Ukishafika hapo, majibu yanajichambua. Metoprololi inapunguza mapigo na kuufunga mlango zaidi, kwa hiyo inazuiliwa na daktari anaarifiwa. Mshtuko unaoratibiwa na pigo ni wa mapigo ya kasi, nao hapa hauna kazi. Kusubiri dakika 30 kungefaa kwa mtu mwenye Wenckebach anayesoma gazeti kitandani, lakini si kwa huyu, na kwa kweli hata angekuwa na Wenckebach, presha ya 82 kwa 48 pamoja na kuchanganyikiwa zilitosha kuliondoa jibu hilo. Linabaki jibu la tatu: pedi za pesimeka ya nje na timu ya dharura.

Wengi hapa watauliza kuhusu atropini, na ni haki yao. Kwa mapigo ya polepole yenye dalili, mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2020 unaitaja kwanza: miligramu 1 kwenye mshipa, ikirudiwa kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi miligramu 3. Vitabu vya zamani vinasema 0.5, kwa hiyo tazameni mwaka wa kitabu chenu. Lakini atropini hufanya kazi juu, penye mlango na juu yake, na kizuizi kamili chenye QRS pana kwa kawaida kiko chini ya hapo. Kama iko mkononi inaweza kutolewa, ila pesimeka haisubiri matokeo yake. Swali lililotungwa vizuri halitakuwekea atropini na pesimeka katika orodha moja bila kukupa alama ya kuzitofautisha, na alama hiyo mara nyingi ni upana wa QRS, au sentensi inayosema kwamba atropini imeshatolewa na haikusaidia.

Maswali ya namna hii siku hizi huwa na sehemu ya pili, na sitaki kuondoka bila kuifikia. Pedi zimebandikwa, pesimeka imewekwa mapigo 70 kwa dakika, imewashwa, na unaoneshwa ukanda mpya wa sekunde 6. Una mistari myembamba iliyosimama wima, saba, kila mmoja ukiwa umeachana na mwenzake kwa visanduku vidogo 21 au 22. Chini yake kuna QRS nne pana. Muuguzi mwenzako amegusa shingo ya mzee, akahisi mtikisiko, akasema mapigo ni 70 na mambo ni mazuri. Unaulizwa unakubaliana naye au la.

Fanyeni tena kipimo kile kile. Pimeni QRS hadi QRS: ni 40, 40, 40. Mistari ile saba ni umeme wa mashine, na kama umeme ungekuwa unaushika moyo, kila mstari ungefuatwa papo hapo na QRS pana na wimbi la T, na QRS zingekuwa saba zenye umbali wa mistari hiyo hiyo. Hapa mashine inapiga mwendo wake na moyo unapiga wake, kama chapuo na msondo tuliowasikia mwanzo. Mtikisiko wa shingoni ni misuli inayoruka kwa umeme wa pedi, na ndiyo sababu mapigo ya mgonjwa aliye kwenye pesimeka ya nje hayapimwi shingoni bali kwenye mshipa wa pajani. Muuguzi anaongeza nguvu ya umeme, miliampea kidogo kidogo, huku akitazama ukanda, mpaka kila mstari upate QRS yake, kisha anaupapasa mshipa wa paja na kuhesabu kama ni 70 kweli, anapima presha upya, na anaomba dawa ya maumivu, kwa sababu umeme huo unauma na mzee sasa anaanza kuzinduka vya kutosha kuusikia.